Nywele Kunyonyoka Miezi Miwili Baada ya Homa: Hesabu Siku Ukirudi Nyuma

Wakaazi wengi wa Thika na Ruiru wanajua kwamba ugonjwa unaweza kumfanya mtu anyonyoke nywele. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba nywele hazinyonyoki wakati wa ugonjwa wenyewe. Homa hupanda, mgonjwa hutibiwa, hupona na kurudi kazini, na kwa wiki nane au kumi hakuna lolote linaloonekana kichwani. Kisha, homa ikiwa imeshasahaulika, kitana kinaanza kujaa.

Pengo hilo la wiki kadhaa ndilo linalowachanganya watu. Lawama humwendea yule aliye karibu: msusi wa wiki iliyopita, mafuta mapya, dawa ya kulainisha nywele, au maji ya kisima yenye chumvi ambayo wapangaji hutumia mifereji inapokauka. Wengine hulaumu tembe wanazomeza na kuziacha bila kumwuliza mhudumu wa afya. Wengine hukaa na hofu kwamba wana ugonjwa mkubwa uliojificha, na hawamwambii mtu.

Chukua mfano wa mama mfanyabiashara wa Ruiru aliyesafiri kwao Siaya kwa mazishi katikati ya mwezi wa Aprili. Kiambu ni eneo lenye hatari ndogo ya malaria, lakini kanda ya Ziwa ni eneo ambalo malaria haijaisha. Aliporudi alishikwa na homa. Kipimo cha damu kilionyesha malaria, na kwa siku nne mwili wake ulikuwa na joto la nyuzi 39 na zaidi. Hakula vizuri kwa karibu wiki mbili. Kufikia katikati ya Mei alikuwa amepata nguvu, akaenda kusukwa rasta.

Rasta zile alizifumua katikati ya Julai. Msusi alipoanza kuchana, nywele zilitoka kwa mafungu. Mama akadhani amechomwa na dawa, msusi akaapa kwamba hakutumia dawa yoyote, wakagombana mbele ya wateja. Wiki mbili baadaye nywele zilikuwa bado zinatoka, kwenye mto, kwenye kola ya sweta, hata kwenye sufuria. Hapo ndipo alipokwenda kituo cha afya. Tabibu hakumwuliza amepaka nini. Alimwuliza, "Mama, mwezi wa nne ulikuwa mzima?"

Swali hilo ndilo ufunguo wa jambo lote, na linaeleweka ukijua unywele unavyoishi.

Unywele hukua, hupumzika, kisha hutoka

Kila unywele huota kutoka kwenye kinyweleo chake, kishimo kidogo ndani ya ngozi ya kichwa. Kinyweleo hakifanyi kazi bila kukoma. Hukuza unywele kwa miaka kadhaa, kwa kawaida kati ya miwili na sita. Halafu huacha kukuza na kuingia katika mapumziko ya karibu miezi mitatu. Unywele ulioacha kukua haudondoki papo hapo. Hubaki umeshikwa kwenye ngozi, mrefu kama ulivyokuwa, na kwa macho huwezi kuutofautisha na jirani yake. Mwisho wa mapumziko kinyweleo huanza kutengeneza unywele mpya, na ule wa zamani huachiliwa.

Kichwa cha mtu mzima kina nywele zinazokaribia laki moja, wengine pungufu ya hapo. Wakati wowote, karibu tisa katika kila kumi zinakua na moja imepumzika. Kwa hesabu rahisi, nywele 10,000 zilizo mapumzikoni zikitoka kwa zamu katika muda wa siku mia moja, ni nywele 100 kwa siku. Ndiyo maana kudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku ni jambo la kawaida, na watu hawalioni kwa sababu vinyweleo havipumziki vyote kwa pamoja.

Homa kali huvuruga zamu hiyo. Chembe za mwili zinazotengeneza unywele ni miongoni mwa zile zinazogawanyika kwa kasi zaidi mwilini, na kazi hiyo inahitaji chakula na nguvu nyingi. Mwili unapopigana na malaria, homa ya matumbo, nimonia, homa ya dengi au korona, kemikali zinazotolewa na kinga ya mwili huvifikia pia vinyweleo, na vingi kati yake huacha kukuza unywele kabla ya wakati wake. Badala ya kumi katika kila mia, huenda thelathini katika kila mia vikaingia mapumzikoni ndani ya siku chache.

Siku hiyo hakuna unywele unaodondoka. Saa ndiyo imeanza kuhesabu. Miezi miwili au mitatu baadaye mapumziko yanakwisha kwa wote karibu wakati mmoja, na nywele 30,000 zinaanza kutoka katika kipindi kilekile ambacho zingetoka 10,000. Hapo ndipo mtu anapodondosha nywele 300 kwa siku, hata zaidi.

Hivyo basi, unywele uliopo kwenye kitana leo uliacha kukua zamani. Haukuuawa na shampuu ya juzi. Na kwa kawaida, kutoka kwake kunamaanisha kwamba kinyweleo kimeamka. Homa hukilaza kinyweleo lakini haikiui.

Madaktari wa ngozi huita hali hii telojeni efluviamu, jina ambalo mgonjwa anaweza kulikuta kwenye kadi yake ya kliniki. Lilitolewa mwaka 1961 na daktari Mmarekani, Albert Kligman, ingawa wauguzi wa zamani walikuwa wameshaona jambo lenyewe kwa wagonjwa wa homa ya matumbo. Akina mama pia wanalijua kwa njia nyingine. Wengi hunyonyoka nywele mtoto anapofikisha karibu miezi mitatu, na wakaambiwa kwamba mtoto ndiye anayezing'oa. Kujifungua huvuruga zamu ya vinyweleo kama homa inavyofanya.

Rasta huficha hesabu

Kuna jambo moja ambalo vitabu vingi vya ng'ambo havilizungumzii, nalo linawahusu wanawake wengi wa hapa. Nywele zikiwa zimesukwa, unywele unaojitoa kwenye ngozi hauna pa kwenda. Hubaki umefungwa ndani ya msuko mpaka siku ya kufumua.

Rudi kwa yule mama wa Ruiru. Alikaa na rasta wiki nane, yaani siku 56. Hata kama asingekuwa ameugua, kwa nywele 50 hadi 100 kwa siku angekusanya kati ya 2,800 na 5,600 ndani ya msuko. Fungu la namna hiyo linajaza kiganja na kumtisha yeyote, na bado ni la kawaida kabisa. Kwa hiyo rundo la siku ya kufumua peke yake halithibitishi kitu. Wala halimtii msusi hatiani.

Kinachothibitisha ni siku zinazofuata. Baada ya kufumua, kuchana vizuri na kuosha, acha nywele bila kuzisuka kwa wiki mbili. Chana mara moja kwa siku juu ya leso au karatasi nyeupe, kisha tazama. Kama ilikuwa ni mrundikano wa rasta tu, zinazotoka hupungua haraka na kurudi kwenye kiasi cha kawaida. Kama ni matokeo ya homa, kitana kitaendelea kujaa siku baada ya siku, kama kilivyoendelea kwa yule mama. Si lazima kuhesabu unywele mmojammoja. Wanaojaribu kuhesabu kila siku huishia kukosa usingizi bure.

Ukiosha nywele mara moja kwa wiki, siku ya kuosha nyingi zitatoka kwa pamoja kwa sababu zilikuwa zimeshajitoa na kusubiri. Kuacha kuosha hakuokoi hata moja.

Tazama mwisho wa unywele

Chukua nywele kumi zilizodondoka na uziweke kwenye mwanga. Unywele uliotoka kutoka kwenye ngozi baada ya mapumziko una kitone kidogo cheupe kwenye ncha moja, kama kichwa cha pini. Watu wengi wakikiona hushtuka wakisema mzizi umeng'oka. La. Kitone hicho ni ncha ya unywele uliopumzika. Kinyweleo chenyewe kimebaki ndani ya ngozi.

Unywele uliokatika ni tofauti. Ni mfupi kuliko nywele nyingine, hauna kitone, na ncha zake zimekatika butu au kuchanika. Ukiona vipande vya namna hiyo, tatizo huenda likawa ni joto la blodrai, dawa ya kulainisha au kuchana nywele zikiwa kavu, na hapo lawama juu ya matunzo ya nywele zina msingi.

Tabibu pia anaweza kufanya jaribio la kuvuta. Hushika fungu dogo la nywele kama 50 kati ya vidole, karibu na ngozi, na kuvuta taratibu kuelekea nchani. Zikitoka tano au sita na zaidi, tena sehemu mbalimbali za kichwa, unyonyokaji bado unaendelea. Kwa nywele zilizojisokota ni lazima zichanwe kwanza, la sivyo zilizokwisha kujitoa na kunaswa zitaonekana kama zimevutwa. Si jaribio la kurudia kila asubuhi mbele ya kioo.

Mahali zinapotoka pia panatoa habari. Baada ya homa, nywele hupungua kichwa kizima, ingawa wengi huona zaidi kandokando ya paji na juu ya masikio. Ngozi hubaki nyororo na ya kawaida, bila magamba, usaha, maumivu wala kovu. Ni nadra sana mtu kupoteza zaidi ya nusu ya nywele zake, na hali hii haimwachi mtu na upara.

Wanaume walionyoa karibu na ngozi mara nyingi hawatambui lolote. Vinyozi hawaambiwi, nao hawaoni.

Kupona kunavyoonekana

Tatizo la kupona ni kwamba huanza kabla hakujaonekana, na mtu hukata tamaa katikati. Kwa yule mama, unyonyokaji ulianza mwishoni mwa Juni akiwa bado amesukwa, ukawa mkali zaidi Julai na Agosti, ukaanza kupungua Septemba. Kwa wagonjwa wengi hukoma ndani ya miezi mitatu hadi sita tangu ulipoanza. Anayemaliza mwezi wa pili huku bado akijaza kitana hajachelewa.

Dalili ya kwanza nzuri si nywele kuongezeka. Ni nywele fupi zinazosimama kwenye paji la uso na kukataa kulala hata zikipakwa mafuta. Wengi hudhani ni nywele zilizokatika na kuzinyoa kwa wembe ili paji liwe safi. Zitazame kwanza. Unywele mpya una ncha nyembamba iliyochongoka, kwa kuwa haujawahi kukatwa. Uliokatika una ncha butu.

Baada ya hapo ni suala la kasi. Nywele hukua karibu sentimita moja kwa mwezi, na zetu za Kiafrika mara nyingi pungufu kidogo. Kama nywele mpya za mama yule zilianza kuota Julai, Desemba zitakuwa na sentimita nne au tano. Kichwa kitaonekana kimejaa karibu na ngozi lakini chembamba nchani, na akizifunga nyuma mkia utakuwa mwembamba kuliko wa mwaka uliopita. Kwa wengi ujazo hurudi ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili. Urefu ni habari nyingine. Aliyekuwa na nywele za sentimita 20 atahitaji karibu miaka miwili kuzifikisha zote hapo, isipokuwa akikata nchani ili zilingane.

Hakuna dawa inayozuia nywele zilizokwisha kuingia mapumzikoni zisidondoke. Matone ya minoksidili yanayouzwa katika maduka ya dawa hayahitajiki kwa hali hii, na mwanzoni yenyewe yanaweza kuongeza unyonyokaji. Vidonge vya bayotini havijaonyesha faida kwa mtu asiye na upungufu wake, na vinaweza kuvuruga majibu ya vipimo vya maabara, kikiwemo kile cha tezi ya thairoidi, kwa hiyo anayevitumia amwambie mhudumu kabla ya kutolewa damu. Vitamini A ikizidi ni sababu mojawapo ya nywele kunyonyoka. Mtu anaweza kununua tatizo akidhani ananunua tiba.

Chakula kina maana yake, hasa kwa aliyekonda wakati wa ugonjwa. Unywele umetengenezwa kwa protini, na kinyweleo chenye upungufu wa madini ya chuma huchelewa kuamka. Maharagwe, ndengu, omena, mayai, nyama kidogo, managu na terere vinatosha. Mwanamke anayetokwa na hedhi nyingi, anayechoka akipanda ngazi au mwenye viganja vilivyopauka aombe kupimwa damu na akiba ya madini ya chuma, kipimo kinachoitwa feritini. Tembe za madini ya chuma zitumike baada ya kupimwa.

Hatari iko kwenye kuficha

Homa haiachi upara, lakini jinsi watu wanavyoficha matokeo yake inaweza kuuleta. Mwanamke anayeona ngozi ya kichwa ikichungulia huenda kusukwa rasta nyembamba zilizokazwa, hushonewa nywele za bandia juu ya matuta, au hubandika wigi kwa gundi kandokando ya paji. Uzito uleule uliokuwa ukibebwa na nywele mia sasa unabebwa na sabini, na nyingine kati ya hizo ni changa. Mvuto wa muda mrefu hujeruhi kinyweleo, na kinyweleo kilichogeuka kovu hakioteshi tena. Upara wa kandokando ya paji unaosababishwa na kusukwa kwa kukaza huonekana sana, na unaweza kuwa wa kudumu.

Kwa hiyo, mpaka unyonyokaji ukome na nywele mpya zifikie sentimita tano hivi, ni afadhali matuta makubwa yasiyokazwa, kitambaa, au wigi lisilobanwa wala kubandikwa linalovuliwa usiku. Msuko unaouma, unaotoa vipele vidogo, au unaomfanya mtu alale kwa ubavu mmoja umekazwa kupita kiasi, hata kama ni mzuri. Ufumuliwe siku hiyohiyo. Dawa ya kulainisha isubiri pia. Kunyoa kipara hakuharakishi kuota, ila wapo wanaoona nafuu kutoona nywele zikidondoka, na hakuna ubaya.

Kisichofanana na homa

Yako mambo ambayo hesabu ya miezi miwili haiyaelezi. Doa la duara lisilo na nywele, laini kama sarafu, ni ugonjwa mwingine unaohitaji matibabu yake. Kwa mtoto wa shule, doa lenye magamba na nywele zilizokatika karibu na ngozi mara nyingi ni mapunye. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa mafuta ya kupaka peke yake, kwani dawa ya kumeza inahitajika, na huambukiza ndugu zake. Utosi unaowasha au kuungua huku nywele zikipungua na ngozi ikianza kung'aa usisubiri, kwa kuwa hiyo ni dalili ya kovu.

Nywele zinazotoka kwa mabaka madogo yasiyo na mpangilio, kama nguo iliyoliwa na nondo, hasa pamoja na vipele kwenye viganja au nyayo, zinaweza kuwa dalili ya kaswende. Kipimo chake ni cha damu na tiba yake ipo. Anayechoka, kuhisi baridi kuliko wenzake na kuongeza uzito bila sababu apimwe thairoidi. Na unyonyokaji uliopita miezi sita bila kupungua unahitaji kuchunguzwa hata kama kweli ulianza baada ya homa.

Zipo dawa zinazoweza kunyonyoa nywele kwa kufuata kalenda hiyohiyo ya miezi miwili hadi minne. Mtu anayetumia dawa za shinikizo la damu, kifafa, kifua kikuu au virusi vya ukimwi asiziache kwa sababu ya nywele. Azipeleke kliniki zilivyo kwenye pakiti zake, na uamuzi ufanyiwe pale.

Anayekwenda kuonwa aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambacho kitampa rufaa kwenda hospitali ya Ruiru ya kiwango cha 4 au ya Thika ya kiwango cha 5 ikihitajika. Aende nywele zikiwa zimefumuliwa, kwa sababu ngozi ya kichwa haionekani chini ya rasta. Abebe nywele chache zilizodondoka, zimefungwa kwenye karatasi, na kadi ya matibabu ya mwisho. Kabla ya kutoka nyumbani atazame kalenda arudi nyuma miezi miwili, mitatu, hadi minne, na aandike kilichotokea wakati huo: homa na siku zake, upasuaji, kujifungua, kuanza au kubadilisha dawa, kupungua uzito ghafla, msiba. Na kama homa yenyewe imerudi, habari za nywele zingoje. Akapimwe homa siku hiyohiyo.